Daftari la Bwana Harusi: Wapambe Wapewe Nini Suti Zikishavuliwa

Mdogo wangu alifunga ndoa Dar es Salaam mwezi Desemba, na wiki tatu kabla ya siku yenyewe alinijia nyumbani na jambo moja. "Kaka, nimetenga 450,000 za kuwashukuru msimamizi na wapambe wangu. Nimeona saa nzuri Kariakoo. Nataka niwape wote saa, tena niwape pale ukumbini, watu waone." Nilimwomba akae kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofanya mimi kwenye harusi yangu, na matokeo yake ninayakumbuka hadi leo.

Mimi niliwanunulia wanaume watano saa za rangi ya dhahabu, zote sawa. Mshereheshaji akawaita mbele mmoja mmoja, ukumbi ukapiga makofi. Mmoja wao alikuwa mweka hazina wa kamati yangu, mtu aliyepiga simu usiku baada ya usiku kwa miezi mitatu akifuatilia ahadi za michango. Mwingine alifika asubuhi ya harusi, akavaa, akapiga picha, akaondoka. Wote wawili walipokea boksi lile lile. Baada ya miezi miwili rangi ilianza kubanduka kwenye mikanda ya zile saa, lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba mweka hazina wangu alipunguza kuja kwangu, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuudhika kwa kupewa saa ya bei ndogo. Kilichomuumiza ni kuona kwamba sikuwa nimejua alichokifanya.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bidhaa yoyote, mimi na mdogo wangu tulichukua daftari.

Katika harusi zetu za kanisani huku Tanzania, msimamizi wa bwana harusi, ambaye vijana humwita besti meni, si mpambe aliyepandishwa cheo. Mara nyingi ni mtu mwenye ndoa yake, na mke wake ndiye anayemsimamia bibi harusi. Ndiyo maana tunasema "wasimamizi", wawili kwa pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na kwa kawaida wasimamizi ndio wanaotia saini kama mashahidi. Wanategemewa kuendelea kuwa walezi wa ndoa hiyo hata ukumbi ukishafagiliwa. Wapambe ni wale vijana wenye suti za rangi moja wanaoingia kwa mwendo wa kucheza. Kazi zao hutofautiana sana, na tofauti hiyo haionekani kwenye picha.

Mdogo wangu alikuwa na msimamizi mmoja na wapambe wanne. Kila mmoja tulimpa ukurasa wake, na juu ya ukurasa tukaandika mambo matatu: siku alizotumia, fedha zilizomtoka, na mzigo aliobeba ambao hauhesabiki kwa siku wala kwa fedha.

Ukurasa wa msimamizi ulijaa haraka. Bibi harusi ni mtu wa Mbeya, na sendofu ilifanyika kwao wiki moja kabla. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na msimamizi na mkewe walikwenda na kurudi kwa basi, siku mbili za safari tupu. Usiku wa harusi umeme ulikatika na mafuta ya jenereta ya ukumbi yakaisha. Msimamizi alitoa shilingi 60,000 mfukoni mwake bila kumwambia mtu. Na kwenye safu ya tatu mdogo wangu aliandika kwamba mwezi Oktoba, ndugu wa pande mbili waliposhikana maneno kuhusu tarehe, ni msimamizi aliyekwenda kukaa na wazee hadi wakaelewana.

Mpambe wa kwanza anafanya naye kazi ofisi moja na ana gari dogo. Gari hilo lilizunguka wiki tatu nzima, kwa fundi wa suti, kwa mpambaji, kwa mpiga picha, Mbagala leo na Tegeta kesho. Petroli aliyojaza mwenyewe ilifika 80,000. Wa pili ni binamu yetu, aliyekuwa mweka hazina wa kamati. Wa tatu ni mdogo wetu wa mwisho, mwanafunzi wa chuo, asiye na fedha wala gari. Yeye alisambaza kadi kwa miguu na kwa daladala, akatumia 15,000 za nauli na vocha, na usiku wa kuamkia harusi alilala ukumbini kulinda mapambo. Wa nne ni rafiki wa zamani anayeishi Arusha. Alijilipia nauli, akajilipia suti, akafika Ijumaa jioni, akaondoka Jumapili.

Tulipomaliza tukaona kwanza jambo lililokuwa limejificha: kurasa zile zilikuwa na vitu viwili vilivyochanganyika, deni na shukrani. Mafuta ya jenereta, petroli na nauli za kadi ni gharama za harusi ambazo watu walizilipa kwa niaba ya kamati. Jumla yake ni 155,000. Bwana harusi wengi huziona fedha hizi wanapopanga zawadi, wakasema, "Huyu alinisaidia mafuta, nitamnunulia shati la 60,000." Hapo hajampa mtu chochote. Amemrudishia fedha yake kwa umbo la shati ambalo huenda hakulitaka. Tulimpelekea mwenyekiti wa kamati orodha pamoja na ujumbe wa miamala kwenye simu, na fedha zikatoka kwenye fungu la dharura la bajeti ya harusi kabla wiki haijaisha. Zilirudishwa taslimu, bila karatasi ya kung'aa, kwa maneno ya kawaida: "Hii ni ile petroli yako."

Zile 450,000 zilibaki kamili, na hizo hazikuwa za michango. Hili nalo lina uzito wake. Watu wanaochanga harusi wanachangia ukumbi, chakula na vinywaji, na kamati yenyewe hushukuriwa kwa namna yake siku ya kuvunja kamati, kwa supu na nyama choma. Zawadi ya wapambe ni ya bwana harusi binafsi. Ikichotwa kwenye michango bila kamati kujua, kikao cha mahesabu kitaigundua, na zawadi itageuka kesi.

Kuna suala la suti ambalo hubishaniwa kila msimu. Bwana harusi akiwashonea wapambe suti, je, hiyo si zawadi tosha? Mimi nina msimamo wangu. Kama rangi ni ile iliyochaguliwa ili ifanane na magauni ya wapambe wa kike, ya zambarau au ya kijani kibichi, suti hiyo ni pambo la harusi kama yalivyo maua, kwa sababu hataivaa tena. Kama ni suti ya bluu iliyokoza au nyeusi, imeshonwa kwa vipimo vyake na anaweza kwenda nayo kazini au msibani, hapo ni haki kuihesabu kama sehemu kubwa ya shukrani. Na kama mpambe amejilipia mwenyewe suti ambayo rangi yake aliamriwa, basi bwana harusi anadaiwa hata kabla hajaanza kufikiria zawadi. Mdogo wangu alikuwa amechagua bluu iliyokoza, kila mtu akajishonea, wote wanazivaa hadi sasa. Tukaona hapo hakuna deni.

Sasa ikaja kazi yenyewe: kulinganisha zawadi na jasho bila kumwaibisha yeyote. Njia tuliyoifuata ni kugawa fedha katika mafungu mawili. La kwanza ni kitu kimoja kinachofanana kwa wapambe wote, kinachotolewa mbele ya wenzao. La pili ni kitu cha mtu mmoja mmoja, kinachotolewa faragha, na hapo ndipo tofauti ya kazi inapolipwa. Ukumbini watu hawaoni daftari, wanaona boksi. Mmoja akipewa kubwa na mwingine dogo, mwenye dogo amehukumiwa mbele ya wakwe na majirani bila kujua kosa lake. Wakipewa sawa kisha yakaishia hapo, ndiyo yale yaliyonikuta mimi.

Kwa fungu la kwanza tulichagua mashati ya kitenge. Tulinunua pisi mbili za yadi sita, shilingi 30,000 kila moja, pamba tupu. Shati la mwanaume wa umbo la kati hula yadi mbili hadi mbili na nusu, kutegemea mikono ni mirefu au mifupi na kama maua yanahitaji kulingana pale mbele kwenye vifungo. Kabla ya kumpa fundi, mke wangu alikiloweka kitambaa usiku mzima na kukianika, kwa sababu pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na shati lililokaa vizuri siku ya kwanza hubana kifua siku ya pili. Fundi alitaka 15,000 kwa shati. Tulimpelekea vipimo wiki tatu kabla na tukamwambia tunayahitaji baada ya wiki mbili, tukijua yatachelewa. Jumla ya fungu hili ikawa 120,000. Vipimo vya rafiki wa Arusha tulivipata kwa kumwomba apime shati lake linalomkaa vizuri likiwa limelazwa mezani: mabega, kifua na urefu. Njia hiyo ni salama kuliko kumuuliza mtu saizi yake, maana saizi za madukani hazilingani.

Kwa msimamizi hatukutaka shati, kwa sababu yeye si mmoja wa vijana wale, na zaidi ya hapo zawadi ya msimamizi mwenye ndoa inaingia nyumba nzima. Mkewe alisafiri kilomita zile zile na ndiye aliyekaa na bibi harusi tangu saa kumi na moja alfajiri. Kumpa mume saa na kumwacha mke mikono mitupu ni kosa linaloonekana nyumbani kwao, hata kama hakuna atakayelisema. Hapa bibi harusi alikuwa na neno la kusema kuliko sisi. Alipendekeza mchele wa Kyela, ule wenye harufu unaotoka wilaya ya Kyela huko huko kwao Mbeya, kilo 20. Wazazi wake waliupakia kwenye basi, tukalipa 70,000. Juu yake tukaongeza mkanda na pochi ya ngozi kwa mume, 65,000, na doti moja ya khanga kwa mke, 15,000. Fungu la msimamizi likafika 150,000.

Khanga ilituchukua muda kuliko mkanda. Jina la khanga husomwa, na wanawake watalisoma kabla hawajatazama rangi. Khanga yenye fumbo la majirani au wivu, hata iwe nzuri namna gani, haiendi kwa mtu unayemshukuru. Mke wangu alizipekua nyingi dukani, akachagua yenye maneno ya dua, yasiyoweza kupindwa.

Na kwenye ngozi, nataka nieleze kidogo kwa sababu watu wengi huuziwa plastiki kwa bei ya ng'ombe. Tazama mkanda pale ulipokatwa, pembeni. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikamana, na upande wake wa ndani una manyoyamanyoya laini. Ngozi bandia pembeni huonyesha tabaka, plastiki juu na kitambaa chini, mara nyingi limefunikwa kwa rangi nzito ili usilione. Ukunje taratibu: ngozi hutoa mikunjo midogo isiyofanana, plastiki hutoa mkunjo mmoja ulionyooka au ufa. Harufu husaidia pia, ila mafundi wengine hupaka manukato, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Zilibaki 180,000 za fungu la faragha. Mwenye gari tulimwagia oili. Mdogo wangu alilichukua gari Jumamosi moja baada ya harusi akisema anaomba kuazima, akalipeleka kwa fundi anayemwamini, likamwagwa oili, likabadilishwa chujio na kuoshwa ndani na nje, 65,000. Gari lililochoka kwa ajili ya harusi lilirudi kwa mwenyewe limehudumiwa. Mpaka leo jamaa huyo husimulia hilo kuliko shati.

Binamu mweka hazina alikuwa na tatizo ambalo kila aliyekaa naye kikaoni aliliona: simu yake ilizima kila saa mbili usiku, na alikuwa akihamia kwenye kiti cha karibu na soketi huku anaendelea kupiga simu. Tulimnunulia pawabenki nzuri, 50,000. Mdogo wetu wa mwisho alisimama harusini na viatu vya kuazima, na baada ya Mwaka Mpya alikuwa anaanza mafunzo kwa vitendo ofisini. Yeye alipata viatu vyeusi vya ngozi, 55,000. Mguu wake tuliuchora kwenye karatasi jioni, kwa sababu kwa siku nzima mguu huvimba kidogo, na kiatu kinachotosha asubuhi kinaweza kubana saa kumi.

Rafiki wa Arusha tulimjadili kwa muda. Kwa hesabu ya kazi, alifanya kidogo kuliko wote. Kwa hesabu ya fedha zake mwenyewe, hakuwa wa mwisho. Mdogo wangu aliona kwamba nauli na suti alizitoa kwa hiari kama mtu anayekuja kwenye harusi ya rafiki, si kwa kutumwa na kamati, na hivyo hazirudishwi. Lakini alitaka ajue kwamba kuja kwake kulionekana. Akachapisha picha moja ya wawili hao wakicheka nje ya kanisa, si ile ya kupanga mstari, akaiweka kwenye fremu, 10,000, na nyuma yake akaandika maneno kwa mkono. Ikaenda Arusha kwa basi. Nadhani alifanya sawa. Kumwongezea zaidi kungekuwa kumlipa rafiki kwa kuwa rafiki.

Jumla ni 450,000 zile zile ambazo zingenunua saa tano.

Bajeti ndogo haivunji utaratibu huu. Jirani yangu mmoja alioa akiwa amebakiwa na 60,000. Alilipa kwanza kadeni kadogo ka mafuta, kisha akawaita wapambe wake nyumbani Jumapili, akapika pilau ya kilo mbili za mchele na kilo mbili za nyama, na akawanawisha mikono yeye mwenyewe, bwana harusi, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kula alitaja alichofanya kila mmoja, kwa jina na kwa siku. Wazee tulikuwepo wawili na tulisikia yote. Kitu ambacho nisingemshauri mtu ni kukopa kwa ajili ya zawadi, hasa ile mikopo ya kausha damu inayodai riba kila wiki. Hakuna mpambe anayeitaka saa iliyonunuliwa hivyo, na akijua ataona vibaya kuivaa.

Pwani, kwenye harusi za Kiislamu, mstari wa suti mara nyingi haupo, lakini wapo vijana wanaomsindikiza bwana harusi kwenda kwenye nikaha na wapo waliohangaika naye tangu posa. Huko kofia ya mkono ni shukrani inayoeleweka bila maelezo. Anayefikiria kofia ya kushonwa kwa mkono, ile ya vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, aagize mapema sana, kwa sababu moja tu huweza kumchukua mshonaji wiki nyingi, hata miezi. Apime mzunguko wa kichwa kwa utepe juu kidogo ya masikio, maana kofia hiyo ikipwaya au ikibana hairekebishiki kama suruali. Kwa wasindikizaji sita, kofia moja ya mkono kwa aliyebeba mzigo mkubwa na vikoi vitano vizuri kwa wengine ni mpango unaofaa, mradi kofia isitolewe mbele ya wale watano.

Turudi kwenye mashati. Mshereheshaji tulimwomba asitaje zawadi kabisa ukumbini, ataje majina tu na kushukuru. Mashati yalitolewa siku ya kuvunja kamati, Jumapili iliyofuata, na rafiki wa Arusha lake lilitangulia kwa basi pamoja na ile fremu. Fundi alikuwa amechelewa kama tulivyotarajia. Shati la nne lilikuja Jumamosi saa mbili usiku, pasi yake bado ya moto. Kwenye zile yadi 12 kilibaki kipande cha yadi mbili, na fundi, bila kuambiwa, alikikata shati la tano la mikono mifupi akamtumia bwana harusi. Alilivaa siku hiyo, akakaa na wapambe wake watatu kwenye benchi moja, na msimamizi akaja na mkewe aliyejifunga ile khanga.